Bagi moja, sehemu nne: maabara, VDP, baunti au tovuti ya watu, anayeanza apige wapi?

"Kaka nimemaliza kozi ya kuhaki, nianze na baunti gani?" Hili swali linanifikia inboksi karibu kila wiki na kila mara nashindwa kulijibu kwa mstari mmoja, maana mtu anauliza kana kwamba pa kwenda ni pamoja tu. Pako panne bana: maabara ya mazoezi, VDP ambako unaruhusiwa kupima ila hulipwi, baunti ambako unalipwa kwa tundu uliloripoti, na tovuti ya watu bila ruhusa. Kitendo kilekile kinakupa matokeo tofauti kila mahali: hapa unapata bango la kijani, pale unapewa asante, kwingine dola, na kwingine wito wa polisi. Basi leo nachukua bagi moja tu, naipitisha kote, utaona mwenyewe pa kuanzia.

Bagi yenyewe ni IDOR, kirefu chake insecure direct object reference. Umeingia kwenye akaunti yako, unafungua risiti yako, anwani juu inaishia na `/risiti/5512`. Unabadilisha unaweka 5511, unabonyeza enta, inatokea risiti ya mama mmoja humjui, jina lake, simu yake, mpaka alichonunua. Seva imekagua kwamba umeingia, haijakagua kwamba hiyo risiti ni yako. Ni kama gesti ambayo mhudumu akikuona tu umeshika ufunguo anakuachia uzunguke, haangalii ni wa chumba gani. Haihitaji skripti wala usiku kucha, ndo maana anayeanza anaiweza, na ndo maana inaponza watu pia, kwa sababu kubadilisha namba moja hakufanani kabisa na uhalifu machoni pa anayebadilisha.

Maabara

Nianze na Juice Shop ya OWASP. Hili ni duka feki la juisi lililotengenezwa makusudi liwe bovu, linakaa kwenye laptopu yako mwenyewe, ukishalishusha mara moja (ni mamia ya MB, subiri bando la usiku) unaweza kucheza nalo hata mtandao ukikatika. Kama una Docker ni mstari mmoja:

```
docker run --rm -p 127.0.0.1:3000:3000 bkimminich/juice-shop
```

Hiyo `127.0.0.1` usiiruke. Mafunzo mengi yanaandika `-p 3000:3000` tu, na hapo Docker inalifungua duka kwa kila aliye kwenye waifai moja na wewe. Sasa uko hosteli, una programu yenye matundu ya makusudi inasikiliza mtandao mzima... Ifungie kwako.

Fungua `http://localhost:3000`, jisajili, ingia, weka juisi yoyote kwenye kikapu. Bonyeza F12, nenda sehemu ya Network, fungua kikapu chako uone ombi linalotoka. Utakuta kitu kama `/rest/basket/6`, na kwenye vichwa vya ombi kuna tokeni yako baada ya neno Bearer. Inakili halafu tuma ombi lilelile ila uombe kikapu cha mwingine:

```
curl -H "Authorization: Bearer TOKENI_YAKO" \
  http://localhost:3000/rest/basket/1
```

Inarudi orodha ya bidhaa za mtu mwingine, ukirudi kwenye brauza unakuta bango la kijani kwamba umetatua changamoto. Umeiba kikapu na hakuna aliyeumia.

Mwenzake ni Web Security Academy ya PortSwigger. Ni bure, unajisajili tu, kila maabara inafunguka kwenye brauza na maelezo yake yapo pembeni. Kuna moja inaitwa Insecure direct object references: unachati na huduma kwa wateja, unabonyeza kupakua mazungumzo, faili linakuja linaitwa `2.txt`. Mtu mwenye macho anajiuliza papo hapo, `1.txt` ni ya nani? Unaiomba, unakuta mazungumzo ambamo mtu katajiwa nywila yake, unaingia nayo kama carlos, mtumiaji wa kubuni wa maabara hiyo, imeisha.

Ukiniuliza mimi kati ya hizo mbili, anza PortSwigger. Juice Shop inakurushia kila kitu kwa mpigo bila kukushika mkono, mtu mpya anaweza kuzunguka siku tatu hajui anatafuta nini. PortSwigger inakufundisha aina moja ya udhaifu, halafu inakupa maabara ya hiyo hiyo, Apprentice kwanza, baadaye Practitioner. Shida yake ni kwamba bila intaneti huna kitu. DVWA nayo ipo, ya PHP, ina ngazi za low mpaka impossible, ukitaka kusoma kodi uone mwandishi alikosea wapi ndo inafaa, vinginevyo imeshazeeka kidogo. TryHackMe na Hack The Box ni nzuri ila zimeegemea sana mashine na mitandao kuliko tovuti, na hizo unaingia kwa VPN, kwa hiyo angalia IP mara mbili kabla hujarusha skana, ukikosea tarakimu moja unaweza kuwa unapiga mashine ya mtu ambaye hajui lolote.

Kitu ambacho maabara haikufundishi ni hiki: mle ndani udhaifu UPO, umeshaahidiwa. Nje unaweza kukaa wiki mbili unabadilisha namba na kila mara seva inakujibu 403, yaani huruhusiwi, kwa sababu watu wameandika kodi yao vizuri. Hiyo ladha ya kukosa hutaipata maabara.

Tovuti ya watu, bila ruhusa

Hii naiweka mapema maana ndo wengi wanaichagua bila kujua kama wamechagua. Mtu katoka PortSwigger jana, leo yuko kwenye tovuti ya chuo chake au ya kampuni ya mikopo, anabadilisha namba "kuwasaidia".

Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 4 kinakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi bila uhalali, na adhabu yake ni faini isiyopungua milioni 3 au mara tatu ya faida uliyoipata, yoyote iliyo kubwa, au jela isiyopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Kenya wana yao ya 2018, kifungu cha 14, faini isiyozidi milioni 5 za kwao au jela isiyozidi miaka 3, au vyote. Soma hayo maneno polepole: kwa Wakenya sheria inaweka dari, kwetu inaweka sakafu. Hakimu wetu akishakutia hatiani kwa kifungu hicho, hesabu inaanzia hapo kwenda juu. Na hakuna mstari unaosema "isipokuwa kama alikuwa na nia njema ya kuripoti".

Watu huniambia lakini Marekani wameruhusu. Kweli, Mei 2022 Wizara ya Sheria ya kule ilitoa sera kwamba waendesha mashtaka wa serikali kuu wasimshtaki mtafiti wa usalama anayefanya kwa nia njema. Ila hiyo ni sera ya waendesha mashtaka wa kwao, haimfungi polisi wa Dodoma wala wa Nairobi, na hata yenyewe inasema anayetafuta matundu ili amkamue mwenye mfumo hana nia njema hata akijiita mtafiti.

Mfano wa IDOR hii hii upo. Juni 2010, tovuti ya AT&T ilikuwa ukiipa namba ya laini ya iPad inakurudishia barua pepe ya mwenye laini. Vijana wawili wakaandika skripti ya kubuni namba moja baada ya nyingine, wakavuna barua pepe kama 114,000 na kuzipeleka kwa waandishi wa habari. Hakuna nywila iliyovunjwa, ni namba kwenye anwani tu. Mmoja wao, Andrew Auernheimer, alihukumiwa miezi 41 Machi 2013. Aprili 2014 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu, na hapa watu husimulia vibaya: ilifutwa kwa sababu kesi ilisikilizwa New Jersey ambako si mahali pake. Mahakama haikusema kwamba alichofanya ruksa. Na wakati huo mtu alikuwa ameshakaa ndani mwaka na kitu.

Sasa je kama umeliona tundu bila kutafuta? Mfano umetumiwa linki ya risiti yako, ukakosea kukopi tarakimu, ikafunguka ya mwingine. Hapo simama. Usijaribu ya pili "kuhakikisha", maana ya kwanza ni bahati mbaya, ya pili ni kusudi. Tazama kama tovuti ina faili `/.well-known/security.txt`, ni kiwango kabisa kimeandikwa RFC 9116 cha 2022, ndani kuna mstari wa `Contact` unaokuambia upeleke wapi. Hakuna? Peleka TZ-CERT, kikosi cha taifa cha matukio ya usalama wa mtandao ambacho kiko chini ya TCRA, au kwa Kenya KE-CIRT/CC, wao ndo watawatafuta wenye mfumo. Na tafadhali kwenye hiyo barua usiulize "mnalipa shilingi ngapi". Kuna dogo namfahamu aliandikia kampuni moja, sitaitaja, mistari miwili tu: nimeona udhaifu mkubwa kwenye mfumo wenu, nitawaambia mkinieleza malipo. Yeye alidhani anaomba kazi. Waliomjibu walikuwa wanasheria.

VDP

Kirefu chake vulnerability disclosure program. Hapa ruhusa ipo, hela haipo. Kampuni au taasisi inaandika hadharani: hizi ndo mali zetu unazoweza kupima, hivi ndo vitu usifanye, ripoti hapa, ukifuata haya hatutakushtaki. Serikali kuu ya Marekani iliziamuru idara zake za kiraia mwaka 2020 ziwe na mlango wa namna hii, ndo maana unaona watu wanatamba mitandaoni na barua ya shukrani ya NASA. Waholanzi wanatoa tisheti, imeandikwa kwamba nimeihaki serikali ya Uholanzi nikaambulia tisheti hii tu. Kweli kabisa, watu wanaipigania.

Uzuri wa VDP kwa anayeanza ni kwamba mawindo ni mapana na wakubwa hawapo, wao wako kwenye hela. Mifumo ya zamani imejaa, na IDOR inapenda sana mifumo ya zamani. Ubaya ni kwamba majibu yanaweza kuchukua miezi, na bando ni lako.

Baunti

Hapa ndo kwenye majukwaa ya HackerOne, Bugcrowd, Intigriti na YesWeHack, au kampuni yenyewe moja kwa moja kama Google ambao wanalipa matundu ya tovuti zao tangu 2010. Ruhusa ileile ya VDP pamoja na jedwali la malipo. Na hapohapo kuna maelfu ya watu wengine duniani wanaobadilisha namba ileile unayoibadilisha wewe.

Ripoti yangu ya kwanza ilirudi na neno moja, Duplicate. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya laptopu mpya. Mwingine alikuwa ameiona wiki tatu kabla, na sheria ya baunti ni kwamba wa kwanza ndo analipwa. Ya pili ikawa Informative, maana nililiita IDOR jambo ambalo lilikuwa wazi kwa kila mtu kwa makusudi, ukurasa wa wasifu wa muuzaji, ambao hata bila akaunti unaonekana. Not Applicable ndo mbaya zaidi, pale HackerOne inakukata pointi za sifa, kwa hiyo kurusha ripoti ovyoovyo kuna gharama.

Ukifikia kulipwa jiandae na makaratasi pia, kwa HackerOne usiye Mmarekani utajaza fomu ya kodi W-8BEN kabla hela haijatoka, na jina la benki lifanane na la kitambulisho.

Kupima IDOR kwa ruhusa

Iwe VDP au baunti, njia ni ileile na ndo inakutofautisha na wale wa AT&T: unafungua akaunti MBILI, zote zako. HackerOne inakupa barua pepe zinazoishia `@wearehackerone.com` na Bugcrowd `@bugcrowdninja.com`, zitumie, ili mwenye mfumo akisoma logi ajue huyu ni mtafiti na si mwizi. Akaunti B tengeneza risiti, tuseme imepata namba 5512. Sasa ingia kwa A, tuma ombi la 5512 ukiwa na kuki ya A:

```
GET /api/invoices/5512 HTTP/1.1
Host: app.example.com
Cookie: session=KUKI_YA_A
```

Ikirudi risiti ya B, umeipata, na data uliyoiona ni yako mwenyewe, hujamgusa mteja yeyote. Kazi inaishia hapo. Huhitaji 5511, huhitaji skripti ya kuhesabu mpaka elfu kumi kuonyesha ukubwa wa tatizo, mpokeaji wa ripoti anajua kuhesabu.

Sasa wengi wanadanganyika na namba 200, ile ya seva kusema ombi limefaulu. Seva inaweza kujibu 200 halafu ndani kuna data ya A mwenyewe, au mabano matupu. Soma mwili wa jibu utafute kitu ulichokiandika kwenye B tu, mimi huwa naweka jina la ajabu kama "MBUZI-B-77" ndani ya akaunti B, nikiliona likitokea kwa A sina shaka. Halafu jaribu bila kuki kabisa, ikifunguka vilevile huenda ni kitu cha umma, au ni tatizo kubwa kuliko IDOR, na hiyo tofauti lazima uiseme kwenye ripoti. Tena kama kitambulisho si 5512 bali ni ule mkorogo mrefu wa herufi na tarakimu, tundu linaweza kuwepo ila utaulizwa: mshambuliaji angeupataje? Ukionyesha kwamba mkorogo huo unavuja kwenye ukurasa mwingine, uzito unapanda. Ukikosa jibu unashuka, wakati mwingine mpaka sifuri.

Ripoti iwe fupi: kichwa kinachosema nani anasoma nini cha nani, hatua kwa namba kuanzia kufungua akaunti mbili, ombi na jibu kama yalivyo, halafu sentensi mbili za madhara. Kisha kaa kimya hadharani mpaka wakuruhusu. CERT/CC ya Marekani kwa kawaida inatoa siku 45 kabla ya kutangaza, Project Zero ya Google siku 90, lakini ndani ya programu unafuata walichoandika wao, sio saa yako.

Na ruhusa ina kingo. Kama kwenye orodha yao kumeandikwa `app.example.com`, basi `help.example.com` sio yako, mara nyingi kurasa za msaada zinakaa kwenye seva ya kampuni nyingine ambayo haijakuahidi chochote. Hata ndani ya programu halali unaweza kupoteza. Agosti 2013 Khalil Shreateh, Mpalestina, aliripoti Facebook kwamba anaweza kuandika kwenye ukuta wa mtu asiye rafiki yake, wakamjibu hiyo sio bagi. Akaenda kuandika kwenye ukuta wa Zuckerberg mwenyewe. Tundu lilikuwa la kweli na wakaliziba, lakini hela walimnyima kwa sababu alilionyesha kwenye akaunti za watu halisi, na watu wa mtandaoni ndo wakamchangia zaidi ya dola 10,000. Angekuwa na akaunti mbili za majaribio na ripoti yenye hatua zilizonyooka, hadithi ingekuwa nyingine, ingawa na wao walimsoma harakaharaka.

Ningechagua vipi

Kama hujawahi kuona IDOR ikitokea kwa mkono wako, PortSwigger, sehemu ya Access control, maabara zote za Apprentice na angalau nusu ya Practitioner bila kuchungulia majibu. Mtandao wako ukiwa wa kusuasua, Juice Shop ichukue nafasi hiyo. Ukishaweza, nenda VDP moja, nasema MOJA, yenye mfumo unaokuruhusu kufungua akaunti mwenyewe (bila akaunti mbili IDOR huipimi), ukae nayo mwezi mpaka ujue kila kitufe kinatuma ombi gani. Baunti ingia ukishapata ripoti mbili tatu zilizokubaliwa VDP, na ukiingia kwepa zile zenye majina makubwa, tafuta programu iliyoongeza kitu kipya karibuni, maana kwenye kipya bado hakuna foleni ya Duplicate. Kuna na njia ya pembeni: mafumbo ya Hacker101, ni ya HackerOne wenyewe, pointi unazokusanya mle zinakuletea mialiko ya programu binafsi ambako watu ni wachache, wengi hawaijui hii.

Mwenye shida ya hela ya mwezi huu asitegemee lolote kati ya haya manne. Na yule wa tovuti ya chuo, muandikie kwanza mkuu wa TEHAMA, omba ruhusa ya maandishi yenye anwani gani, tarehe gani mpaka gani na sahihi yake. Akikataa, una jibu lako, rudi kwa carlos.